Kabla ya Kupiga Windows Upya, Chomoa RAM

Leo tuizungumzie kompyuta inayokorofisha bila mpangilio. Sisemi ile iliyokufa kabisa. Ile haina utata, imekufa. Nasema ile inayowaka vizuri asubuhi, inakuacha uandike nusu ukurasa, halafu skrini inageuka bluu na mashine inajiwasha upya yenyewe. Kesho inashinda kutwa bila tatizo. Keshokutwa inastaki ukiwa unasoma barua, na jioni yake inajiwasha upya hakuna hata mtu aliyeigusa. Mwenye mashine anashindwa hata kumweleza fundi, maana kila akiipeleka kwa fundi inatulia.

Tatizo la namna hiyo mara nyingi hupewa dawa moja: kupiga Windows upya. Nataka tukubaliane tangu mwanzo kwamba hapo pana hatari, na sababu yake nitaieleza. Kabla ya kufika kwenye Windows kuna sehemu moja ambayo inafikika kwa mkono, haihitaji kifaa cha bei, na ikiwa ndiyo yenye kosa basi chochote utakachofanya juu yake kitaharibika. Sehemu hiyo ni RAM, vile vipande virefu vyembamba vilivyosimama kwenye bodi kuu.

Tuanze na dalili. Skrini ya bluu inapotokea, karibu na chini huandika jina la kosa. Liandike kwenye karatasi, na tarehe yake. Siku moja utaona MEMORY_MANAGEMENT. Siku nyingine PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Siku ya tatu IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Mtu akiyaona majina matatu tofauti anadhani mashine yake ina magonjwa matatu. Kumbe kubadilika kwenyewe ndiyo habari. Kosa likiwa kwenye programu fulani au kwenye draiva ya printa, kwa kawaida hurudi na jina lilelile na wakati uleule: ukituma kazi kwenye printa, inaanguka. RAM haichagui. Kila kitu kinachofanyika ndani ya kompyuta kinapitia humo, iwe picha, barua au Windows yenyewe, na anayeumia ni yule aliyekuwa amekaa mahali pabovu dakika ile.

Kuna dalili ya pili ambayo watu huipuuza, nayo ndiyo inayoniuma zaidi: mafaili yanayoharibika. Umenakili folda kutoka kwenye flashi, faili moja linafunguka na jingine linasema limeharibika. Umepakua programu, inagoma kujifungua. Ukiipakua tena inakubali. Skrini ya bluu walau inapiga kelele, lakini RAM yenye kosa inaweza kuibadilisha namba ndani ya kitabu chako cha hesabu na kuihifadhi kwenye diski bila kusema neno. Kwa hiyo, ukishaanza kushuku, usichukue nakala mpya ya kazi zako ukaiweka juu ya nakala ya zamani. Ile ya zamani iache kama ilivyo mpaka mashine ipimwe.

Tofautisha pia na magonjwa jirani. Mashine ikizima ghafla kama umeme uliokatika, bila skrini ya bluu, na hasa ikiwa na moto, anza na feni au pawasaplai. Ikiwa inakuwa nzito, inachukua dakika nzima kufungua folda, na diski inatoa sauti ya kugonga, anza na diski. Tunayoizungumzia leo ni ile inayokwenda kasi yake ya kawaida mpaka sekunde inapoanguka.

Sasa kwa nini kipande ambacho hakina kitu kinachozunguka, hakina feni wala mota, kinaanza kusumbua baada ya miaka? Chip zenyewe mara nyingi ni nzima. Tazama ukingo wa chini wa kipande cha RAM: kuna safu ya meno ya rangi ya dhahabu pande zote mbili. Kipande cha DDR3 cha kompyuta ya mezani kina meno 240, cha DDR4 kina 288. Kila jino linaguswa na springi ndogo ya chuma iliyo ndani ya sloti, na katika meno hayo 64 ndiyo yanayobeba data, kila moja biti yake. Jino moja tu katika hayo likigusa kwa kusitasita, kuna biti moja ambayo mara inasomwa moja, mara sifuri.

Dhahabu haishiki kutu, hilo ni kweli. Lakini dhahabu iliyopakwa pale ni nyembamba sana, chini ya elfu moja ya milimita, na chini yake kuna nikeli na shaba. Mahali dhahabu ilipochunika au ilipo na matundu madogo, unyevu unapenya hadi kwenye metali za chini na utando unajijenga. Juu yake ongeza vumbi, na mafuta ya vidole vya mtu aliyekishika siku ya kukifunga. Halafu joto. Mashine inapata moto mchana na kupoa usiku, kila kitu kinatanuka na kusinyaa kidogo, na jino linasugua springi kwa mwendo ambao jicho halioni. Msuguano huo wa miaka hutoa unga mwembamba wa metali, na unga huo nao unakaa katikati ya jino na springi. Wanaokaa Tanga, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam wana chumvi ya bahari ndani ya hewa, nayo huharakisha mambo. Na mashine nyingi tunazonunua zimeshatumika Ulaya au Dubai, zikapakiwa kwenye kontena, zikapanda basi. Kipande kilichokuwa kimekaa sawasawa kinaweza kufika kimeinuka nusu milimita upande mmoja.

Ni kama tochi ya zamani inayofifia mpaka uipige na kiganja: betri ina nguvu na balbu ni nzima, ila mahali zinapokutana pamechafuka. Ndiyo maana kukichomoa kipande na kukirudisha kunasaidia hata kabla hujasafisha kitu. Jino linapoteleza juu ya springi linakwangua utando. Na ndiyo maana pia nafuu hiyo haiaminiki: umekwangua kidogo, uchafu uliobaki upo palepale, na baada ya wiki chache ugonjwa unarudi.

Nichukue mfano wa mashine moja, nikupitishe hatua kwa hatua.

Ilikuwa kompyuta ya mezani ya steshenari moja Tanga, hatua chache kutoka chuoni. Ilikuwa na vipande viwili vya DDR3, gigabaiti 4 kila kimoja, kwenye bodi yenye sloti nne. Mama mwenye duka alisema wanafunzi wanaleta kazi zao kwenye flashi, zinafunguka kwenye simu zao lakini kwake zinasema faili limeharibika, na akisisitiza mashine inaanguka. Windows ilikuwa imeshapigwa upya kabla yangu. Mara ya mwisho haikufika hata mwisho: ilikwama katikati na kuandika 0x80070570, yaani Windows imelisoma faili la usakinishaji na kuliona bovu. Fundi aliyetangulia akasema CD ni mbovu, akaleta flashi. Flashi nayo ikakwama, safari hii kwenye asilimia nyingine.

"Fundi," mama akaniambia, "wewe nipigie tu Windows nyingine, mimi nina wateja."

Nikamjibu, "Mama, niachie usiku mmoja. Nikiipiga leo tutarudi hapahapa."

Sababu ni hii. Wakati wa kupiga Windows, maelfu ya mafaili yanatolewa kwenye flashi, yanafunguliwa ndani ya RAM, kisha ndipo yanaandikwa kwenye diski. RAM ikigeuza biti moja njiani, faili linaandikwa likiwa na kosa, na Windows mpya inazaliwa na ugonjwa. Ukiwa na bahati inakataa katikati, kama ilivyofanya hiyo. Ukikosa bahati inamaliza, inawaka, unalipwa, na baada ya wiki mteja amerudi amekasirika. Na huyo mteja ana haki.

Basi nikaipima kwanza, kabla ya kugusa chochote. Watu wengi huanza kwa kusafisha. Mimi nasisitiza kipimo kitangulie, kwa sababu usipoona kosa kabla, huwezi kujua kama umeliondoa.

Kipimo rahisi kabisa kiko ndani ya Windows yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika mdsched.exe, gonga Enter, kisha kubali kuwasha upya. Mashine itawaka kwenye skrini ya bluu yenye maandishi, itapima, kisha itarudi Windows na kukuletea taarifa. Taarifa hiyo wakati mwingine haionekani. Ukiikosa, fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System, tafuta mstari wenye jina MemoryDiagnostics-Results. Kipimo hiki kikisema kuna kosa, kiamini. Kikisema hakuna, usikiamini sana. Ni chepesi, na makosa ya kuja na kwenda mara nyingi yanakipita. Unaweza kukiongezea ukali: kikiwa kinaendelea bonyeza F1, chagua Extended, kisha F10.

Kwa mashine ya steshenari Windows ilikuwa haiwaki, kwa hiyo nilitumia Memtest86+, programu ya bure inayopatikana memtest.org. Ni faili dogo, megabaiti chache tu. Unaliandika kwenye flashi kwa kutumia programu kama Rufus, na kumbuka flashi hiyo itafutwa yote. Kisha unawasha mashine ukigonga F12, au F9, au Esc, kutegemea mtengenezaji, ili uchague iwake kwa flashi. Mashine mpya zinaweza kuikataa mpaka Secure Boot izimwe kwenye BIOS. Windows haihusiki hapo, na huo ndio uzuri wake: Windows ikiwa imewaka, yenyewe imekalia sehemu ya RAM, na sehemu iliyokaliwa haipimiki sawasawa.

Inachofanya hakina uchawi. Inaandika sifuri kila mahali ndani ya RAM, inarudi kusoma kama sifuri bado zipo. Inaandika moja kila mahali, inasoma. Inaandika mifumo inayopishana, inahamisha vitalu kutoka huku kwenda kule, inaandika namba za nasibu. Kila inapokuta tofauti inaandika mstari mwekundu: mahali gani, ilitarajia nini, imekuta nini. Kumaliza majaribio yote mara moja huitwa Pass, yaani mzunguko. Kwa gigabaiti 8 mzunguko mmoja unaweza kuchukua kama saa moja. Mashine nzee huchukua zaidi.

Mashine ya steshenari haikumaliza hata mzunguko. Mistari myekundu ilianza mapema, na iliandika hivi:

```
FFFFFFFFFFFFFFFF
FFFFFFFFFFFFFBFF
```

Mstari wa juu ndio uliotarajiwa, F tupu kumi na sita. Wa chini ndio uliokutwa: nafasi ya tatu kutoka kulia, badala ya F kuna B. Tofauti ya F na B hapo ni biti moja tu. Nikangoja mistari mingine. Mahali palibadilika, pengine mwanzo wa RAM, pengine mwisho, lakini herufi iliyokosewa ilikuwa nafasi ileile ya tatu kutoka kulia. Hapa ndipo kipimo kinapozungumza na anayejua kusikiliza. Chembe chache ndani ya chip zikifa, makosa hurudi kwenye anwani zilezile. Lakini biti moja ikikosewa kwenye anwani zilizotapakaa kila pembe, shuku njia inayoibeba biti hiyo, na njia hiyo inapita kwenye jino na springi yake. Haikuwa hukumu bado, ila ilitosha kunifanya nifungue kava nikiwa na tumaini.

Sasa kufungua. Zima mashine kwa Shut down, usiilaze. Chomoa waya wa umeme kabisa, maana hata ikiwa imezimwa, bodi inapata umeme mdogo wakati wote waya uko ukutani. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde kama kumi ili umeme uliobaki uishe. Kama ni laptopu, toa betri. Ikiwa betri iko ndani, fungua mfuniko na uchomoe waya wake kabla ya kugusa kitu kingine. Na laptopu nyingi nyembamba za siku hizi RAM yake imechomelewa kwenye bodi, haitoki. Kwa hizo utabaki na kipimo tu.

Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM, na urudie kila ukiinuka na kurudi. Mwili unabeba umeme tuli, na watu wengi hawausikii mpaka ufike volti 3000 hivi, wakati chip inaweza kuumia chini ya hapo. Pwani kwenye unyevu hatari hiyo ni ndogo kidogo. Dodoma au Nairobi wakati wa kiangazi, kwenye zulia na sweta, ni kubwa zaidi.

Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa, uone kipande gani kilikuwa sloti gani. Weka alama ya kalamu kwenye lebo: A na B. Kisha sukuma vibanio vya pembeni kwenda nje. Kipande kitainuka chenyewe. Bodi nyingine zina kibanio upande mmoja tu, usilazimishe ule usio nacho. Shika kwa kingo, vidole visiguse meno wala chip.

Ukikiinamisha kwenye mwanga utaona. Meno safi yanang'aa sawasawa na yana mstari mwembamba mahali springi ilipogusa. Machafu yana ukungu, madoa ya kahawia au ya kijivu, pengine alama ya kidole imekauka kabisa. Kipande B cha mashine ile kilikuwa na ukungu upande mmoja, kama robo ya safu.

Dawa ni alkoholi ya aisopropili, ile wanayotumia mafundi simu, yenye nguvu ya asilimia 90 kwenda juu. Lowesha kidogo kitambaa kisichotoa nyuzi, kile cha kufutia miwani kinafaa, pitisha kwenye meno kutoka juu kuelekea ukingoni, geuza kitambaa, pitisha tena mpaka kisitoke na uchafu. Subiri kikauke. Spiriti ya duka la dawa yenye asilimia 70 ina maji mengi. Ikibidi itumie, lakini ungoje zaidi. Ile ya zambarau ya kuwashia jiko iache, kwa sababu inaacha utando na rangi yake.

Ufutio wa penseli nao najua utaulizwa. Mafundi wengi wanautumia, na unafanya kazi: unaondoa utando mgumu ambao alkoholi imeshindwa. Lakini unakwangua, na dhahabu nimeshasema ni nyembamba kiasi gani. Uwe mweupe na laini, upitishe mara mbili tatu bila kukandamiza, kisha ufute chembe zake zote kwa alkoholi, maana chembe moja ya ufutio ikiingia kwenye sloti umebadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine. Anayefanya hivyo kila mwezi atafika kwenye shaba. Msasa, steel wool na mafuta ya kulainishia bawaba sitaki hata kuyajadili: mbali na RAM.

Kurudisha ni hatua inayokosewa kuliko zote. Kuna pengo kwenye safu ya meno, halipo katikati, na kuna kizuizi ndani ya sloti kinachoingia humo. Vilinganishe. Kama havilingani, umegeuza kipande au ni cha aina nyingine. DDR3 haikubali sloti ya DDR4. Vikilingana, weka vidole gumba viwili kwenye ncha mbili, sukuma chini kwa usawa mpaka kibanio kilie na kuruka chenyewe mahali pake. Inahitaji nguvu kuliko unavyodhani, na bodi inaweza kupinda kidogo. Kibanio ambacho umekisukuma wewe kwa kidole bila kukisikia kikilia hakijathibitisha chochote.

Nikarudisha vipande vyote viwili palepale vilipokuwa. Mashine ikawaka. Nikaiacha imewaka jioni nzima, na haikuanguka hata mara moja. Mafundi wengi wangekabidhi mashine hapo, na ningewaelewa. Lakini nikarudisha flashi ya kipimo, nikafunga kava ili joto liwe la kila siku, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi ilikuwa imemaliza mizunguko miwili safi, na katika wa tatu kulikuwa na mistari michache myekundu. B, nafasi ya tatu kutoka kulia.

Hakuna kiwango cha makosa kinachoruhusiwa, msikilizaji. Ikiwa moja, ni moja, na mashine haijapona.

Hapo sasa ndipo unapovihoji kimoja kimoja. Usijaribu kukisia kwa anwani ni kipande kipi, kwa sababu vipande viwili vikifanya kazi pamoja bodi huchanganya anwani zao. Toa vyote, weka A peke yake kwenye sloti ya kwanza, pima. Ikawa safi. Toa A, weka B mahali palepale, pima. Safi pia, ingawa ndicho kilichokuwa na ukungu. Kisha B kwenye sloti ya pili, ile iliyokuwa ikitumika pamoja na ya kwanza: baada ya muda, mstari mwekundu. Weka A humo, ambacho hakikuwa na doa lolote: mstari mwekundu uleule. Kosa likikifuata kipande kokote kinakokwenda, kipande ndicho kibovu. Likibaki kwenye sloti bila kujali aliyemo, vipande havina hatia.

Nikamulika sloti ya pili kwa tochi ya simu. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na vumbi lililoshikana na kipande cha bawa la mende. Mende hupenda kompyuta za mezani kwa joto lake, na duka lililokuwa likiuza soda na biskuti pembeni haliwakosi. Sloti husafishwa kwa brashi laini kavu kwanza, kupita kwa urefu wake na wala si kwa mapana, ili usipinde springi. Kisha bloa ya mkono, ile ya mpira. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina mate. Usitumie kivuta vumbi, bomba lake linazalisha umeme tuli. Mwisho nikapitisha brashi iliyoloweshwa alkoholi kidogo, nikaacha kava wazi mpaka sloti ikakauka kabisa.

Vipande vikarudi vyote viwili, kibanio kikalia mara nne. Usiku kucha, mizunguko minne, Errors 0. Asubuhi nikapiga Windows, safari hii ikamaliza bila kukwama. Kama Windows iliyokuwepo ingekuwa bado inawaka, nisingeipiga upya. Ningefungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi na kuandika sfc /scannow, ili ikague mafaili yake na kurekebisha yaliyoharibiwa na RAM. Mama nilimwomba aihamishe mashine kutoka sakafuni kwenda juu ya meza, mbali na biskuti.

Je, kama sloti ingeendelea kugoma baada ya kusafishwa? Bodi ilikuwa na nne. Ningehamia jozi nyingine, mara nyingi imetofautishwa kwa rangi. Na kama sloti zote zinatoa makosa kwa vipande vyote, basi tatizo liko juu zaidi: pawasaplai isiyotoa umeme imara, au prosesa isiyokaa vizuri, kwani kidhibiti cha RAM siku hizi kiko ndani ya prosesa. Mashine za kuchezea gemu zina jambo lake: kwenye BIOS kuna mpangilio unaoitwa XMP unaoikimbiza RAM kwa kasi kuliko ya kawaida. Uzime, kisha pima tena kabla ya kulaumu kitu.

Kuhusu umeme, kipimo kikikatika katikati kinaanza upya tangu mwanzo, hakikumbuki. Kama mtaa wako umeme unakwenda na kurudi, weka yu-pi-esi, au pima kimoja kimoja mchana.

Na ikitokea kipande ndicho kibovu, hakuna alkoholi itakayokifufua. Makosa yaliyo kwenye anwani zilezile, sloti yoyote ile, hayatokani na uchafu. Utakwenda kununua kingine, na hapo soma lebo kabla ya kutoa pesa. PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4. Herufi L baada ya PC3 inamaanisha kinaweza kwenda kwa volti 1.35 badala ya 1.5. Mwisho wa namba kuna herufi nyingine: U ni cha kompyuta ya mezani, S ni cha laptopu, R ni cha seva. Hicho cha R kinauzwa rahisi sokoni, kinaingia kwenye sloti ya mezani bila ubishi, vibanio vinalia, na mashine ya kawaida haiwaki nacho. Kubaliana na muuzaji kwamba kikionyesha kosa hata moja kwenye kipimo cha usiku, asubuhi unakirudisha.